Mtani, Kuku na Kitambaa Cheupe

Jumatatu
Mtetea mweusi ameacha mayai 11 na kuhamia juu ya tofali, nje ya banda. Nimemrudisha kwenye kiota mara mbili. Mara zote mbili ametoka akinitazama kama mwenye nyumba asiyelipwa kodi. Nilipoyakusanya mayai mikono ikaanza kuwasha. Vidudu vya kijivu, vidogo kuliko chembe ya ulezi, vilikuwa vinapanda kuelekea kiwikoni.
Mtani wangu amesema nimelogwa, nioge maji ya chumvi. Nimeoga. Bado ninawashwa.

Jumanne
Mchana tumekagua kuku mmoja mmoja. Ukifunua manyoya yaliyozunguka tundu la kutagia, unaona chawa wa rangi ya majani makavu wakikimbia mwanga, na mayai yao meupe yameganda kwenye mashina ya manyoya. Utitiri hatukuona hata mmoja. Mtani akatangaza kuwa banda ni safi, akaegemea ukuta kuthibitisha.
Saa mbili usiku nilirudi na tochi, nikapitisha kitambaa cheupe chini ya fito za kulalia. Kikatoka na michirizi myekundu: utitiri uliopondeka, umejaa damu ya kuku wangu. Chawa huzaliwa na kufa juu ya kuku. Utitiri wa aina hii mchana hujificha kwenye nyufa, usiku hutoka kunyonya, kisha hurudi kwake. Kwa hiyo kumpaka kuku dawa na kuliacha banda ni kumtibu mgeni na kumsahau mwenyeji.
Mtani amekwenda kwake akijikuna mgongo. Hajasema kama naye amelogwa.

Jumatano
Mpwa wangu ameleta kichupa cha dawa ya maji iliyobaki mikoroshoni. "Mjomba, hii inaua kila kitu." Hilo ndilo tatizo. Kipimo chake ni cha mti, na mti hauli wadudu waliodondoka wala hautagi mayai ya watoto wa shule. Kama lebo haimtaji kuku, dawa hiyo si ya kuku. Kichupa kimerudi kilikotoka. Mpwa amenuna hadi chakula cha jioni.

Alhamisi
Kuku wote nje. Nyasi za viota na samadi yote nimezitoa na kuzichoma mbali na nyumba. Fito zilikuwa za mianzi. Nilipopasua mmoja, ndani ya pingili palijaa vumbi la kijivu, nikalipuliza. Likatembea.
Mianzi yote imekwenda motoni. Mihimili iliyobaki nimeimwagia maji yanayochemka, hasa kwenye maungio, na nyufa za ukuta nimezikandika udongo. Fito mpya ni za mti ulionyooka uliomenywa maganda, na hazigusi ukuta. Nyasi mpya za viota nilizoanika uani zimeliwa na mbuzi wa jirani.

Ijumaa
Dawa ya unga yenye permethrini, iliyoandikwa kuwa ni ya kuku. Mke wangu anashika miguu, mimi napaka chini ya mabawa, shingoni na kuzunguka tundu la kutagia, nikikwepa macho na pua. Sote tumejifunga kitambaa puani. Paka amefungiwa ndani, maana dawa hii ni sumu kali kwake. Amelia mchana kutwa kama aliyedhulumiwa urithi.
Jogoo hulala juu ya mwembe. Tumengoja giza, nikaupanda. Amepakwa unga kiasi kilichoandikwa. Mimi nimepakwa zaidi.

Jumamosi
Nimewachimbia kuku shimo la kuogea chini ya upenu, mvua isifike: mchanga mkavu na majivu yaliyopoa na kuchekechwa. Vumbi hilo huwasaidia kujipunguzia wadudu wenyewe, ingawa haliondoi utitiri uliokwisha kujaa bandani. Kuku wamelikagua shimo, kisha wote wakaenda kuogea kwenye makopa ya mke wangu yaliyoanikwa mkekani. Usiku wa leo nala ugali bila kusemeshwa.

Ijumaa iliyofuata
Nimepaka tena. Unga huua chawa wanaotembea, lakini mayai yao hupona na kuanguliwa ndani ya wiki moja hivi. Anayepaka mara moja huwaua wazazi, watoto wakarithi.
Usiku kitambaa kimetoka na mchirizi mmoja, mwishoni mwa ufito wa kushoto, ambao mtu aliusogeza ukagusa ukuta alipokuwa akitafuta yai. Hakuna anayekiri. Nimeusogeza, nimemwaga tena maji ya moto. Nitapitisha kitambaa kila wiki, kwa sababu utitiri huweza kukaa miezi bila kula.

Jumapili
Mtani ameazima kitambaa cheupe akakague banda lake. Kimerudi chekundu. Anasema ni kutu.