Shikamoo ya "Niaje"

Nilihudhuria hafla moja hapa Webuye, ambako mheshimiwa mwenye mvi, aliyealikwa kuwausia vijana wa kidato cha pili juu ya madeni, alifungua hotuba yake kwa "Niaje, wasee!", na kila penye fedha akasema "doo", nao wakacheka kicheko kile cha kumhurumia mtu aliyevaa shati la mwanawe. Sheng huhama mtaa kabla kodi haijaisha. Hata neno limfikie mzee, vijana wamekwisha kulizika. Kisha akatoa mfano wa mishahara ya kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, kilichofungwa mwaka 2009, ilhali wengi wa wasikilizaji wake hawakuwa hata wamezaliwa.

Aliyemfuata, bibi wa makamo, hakubadili lafudhi wala lugha yake, ila mfano aliuokota barabarani: lori lililozidisha shehena, likazuiliwa kwenye mizani ya Webuye hadi mzigo upunguzwe, na faini juu yake, akawauliza wao wenyewe, waonao foleni ile kila siku, nani hulipa. Hapo hakucheka mtu. Kijana mmoja alinyoosha mkono, akauliza mkopo wa simu una uzito gani.

Mheshimiwa alikuwa angali akitafuta maana ya "doo" mpya.