Jinsi ya Kupata Miadi Berlin Wakati Kalenda Yote ni Nyekundu

Umefika Berlin, umepata chumba, na sheria ya Ujerumani inakutaka ujiandikishe ndani ya wiki mbili tangu ulipohamia. Unafungua tovuti ya jiji, unachagua Anmeldung einer Wohnung, na kalenda inakukodolea macho mekundu tangu mwanzo hadi mwisho. Usizime kompyuta, wala usimpigie mama kumwambia umekwama. Kalenda ile inasema kweli kwa dakika ile tu.

Kwanza, acha kung'ang'ania mtaa wako. Wageni wengi huchagua ofisi iliyo jirani, wakaambiwa imejaa, wakakata tamaa. Berlin ina wilaya 12, na Bürgeramt yoyote, ya wilaya yoyote, inamwandikisha mkazi wa jiji zima. Bonyeza Termin berlinweit suchen upate ofisi zote kwa pamoja. Spandau ni mbali, Köpenick ni mbali zaidi, lakini tiketi ya kanda AB inafika kote huko.

Pili, jua nafasi zinatoka wapi. Nyingi kati ya zile zinazochomoza ghafla ni za watu walioghairi: mmoja kaamka na homa, mwingine kapata ofisi ya karibu. Mtu akighairi, nafasi yake inarudi kwenye kalenda, na mara nyingi ni ya siku hiyohiyo. Kwa hiyo vizia asubuhi, ofisi zinapofunguliwa, ukiwa umeshakunywa chai. Pakia ukurasa upya mara moja kwa dakika, basi. Ukibonyeza mfululizo kama mtu anayekuna nazi ya pilau la harusi, mtambo utakuambia umeingia mara nyingi mno na kukufungia nje kwa muda, huku wenzako wakijichukulia.

Tuseme umehamia Wedding tarehe 1 Oktoba, muhula wa vyuo unapoanza na kila mwanafunzi mpya anatafuta kitu kilekile. Saa mbili na dakika chache asubuhi tarehe moja inageuka buluu: leo, Köpenick, 11:40. Hapa si pa kuuliza Köpenick iko upande gani. Bonyeza saa, bandika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, bandika barua pepe, thibitisha. Hayo uwe umeyaandika mapema mahali pa kunakili, maana nafasi unayoiona wewe inaonwa na wengine pia. Ramani utaifungua baadaye. Safari ya treni ni kama saa moja, na muda unao.

Lakini miadi ya leo inadai karatasi za leo, na hapa ndipo watu wanapoumia. Kuna wanaoshinda vita vya kalenda, wakavuka jiji, kisha wakarudishwa dirishani kwa sababu wamebeba mkataba wa pango peke yake. Mkataba hautoshi. Inatakiwa Wohnungsgeberbestätigung, yaani uthibitisho uliosainiwa na aliyekupa makazi, unaotaja anwani na tarehe uliyohamia. Sheria inamlazimu kuutoa, hivyo muombe siku ya kukabidhiwa funguo, bila haya. Kama umepanga kwa mpangaji mwenzio, yeye ndiye anayesaini. Uweke kwenye bahasha pamoja na pasipoti na fomu ya kujiandikisha kabla hujaanza kuwinda.

Anayejua Kijerumani apige pia 115, wapokeaji simu wanaweza kumpangia miadi. Ukiona mtu anakuuzia nafasi, mwache na biashara yake, kujiandikisha ni bure.

Wiki mbili zikikaribia kwisha, chukua hata nafasi ya mwezi ujao, kisha endelea kuvizia ya mapema. Sheria inataja faini ya hadi euro 1,000, kwa hiyo tunza picha za skrini zenye tarehe na barua pepe ya miadi, uonyeshe kwamba ulihangaika. Mimi naona jiji linalokupa wiki mbili lilipaswa kukupa na nafasi ndani ya wiki hizo. Anayeanza kazi bila kuandikishwa hana namba ya kodi, na mwajiri anaweza kulazimika kumkata kwa daraja la juu kabisa mpaka namba ipatikane. Kwa kijana anayelipa kodi ya chumba kwa mshahara wa kwanza, hilo si jambo dogo.

Ukipata miadi bora, ghairi ile ya mwanzo siku hiyohiyo kwa kiungo kilichomo kwenye barua pepe ya uthibitisho, mwingine aipate. Na ukishatoka dirishani na cheti chako, nenda moja kwa moja ukabandike jina lako kwenye sanduku la barua. Namba ya kodi inakuja kwa posta, na tarishi asipoliona jina anairudisha.