Kidole Gumba Kazini

Kwa siku tatu nilipika chai nimeshikilia swichi ya jiko, kama mtu anayebonyeza kengele ya mdeni. Pleti ya mbele ilikuwa inawaka vizuri tu, bluu safi. Ukiachia, puu! Imezimika. Simu ikaita sebuleni, ikakata. Maziwa yalikuwa hayajachemka na kidole gumba kimeshakufa ganzi.

Jirani yangu hapa Upanga, mzee wa ghorofa ya pili, akaniletea dawa: kipande cha mti na mpira wa kubania ili swichi ikae imebonyezwa. Nikaona mzee ana akili. Kwa tahadhari nikaenda Kariakoo pia, nikauziwa themokapo "ya jiko lolote, bosi". Nyumbani ikaonekana ni fupi, imepungua shubiri nzima.

Fundi alipokuja alifunga mtungi kwanza, kisha akaung'oa mti wa mzee. "Hii ndiyo inaua watu. Upepo ukizima moto, gesi inaendelea kumwagika na wewe umelala."

Akanionyesha themokapo yenyewe, kijiti kilichosimama pembeni ya pleti, ncha yake ndani ya moto. Humo kuna metali mbili tofauti zilizounganishwa nchani. Ncha ikipata moto, huzaa umeme kidogo mno, milivolti 20 hivi, wakati betri ya saa ya ukutani ina 1,500. Umeme huo hupita kwenye waya mpaka kwenye sumaku ndogo iliyo nyuma ya swichi. Sumaku yenyewe haina nguvu ya kufungua njia ya gesi. Kidole chako ndicho kinachofungua. Yenyewe inashikilia tu. Ndiyo maana unabonyeza sekunde tano mpaka kumi, ncha ipate joto. Moto ukizimika ncha inapoa, sumaku inalegea, na springi inafunga gesi.

"Sasa mgonjwa ni nani, kijiti au sumaku?" Akafunua bati la juu, akapishanisha nyaya: kijiti cha mbele akakiunga kwenye sumaku ya nyuma, cha nyuma kwenye sumaku ya mbele. Akafungua mtungi, tukawasha pleti zote mbili, tukahesabu mpaka kumi, tukaachia. Ya mbele, ile korofi, ikaendelea kuwaka. Ya nyuma ikazimika hapo hapo, na kijiti chake kilipopoa, ya mbele nayo ikafuata. Ugonjwa ulikuwa umehama na kijiti, kwa hiyo sumaku zote ni nzima.

Akafunga tena mtungi, akasubiri pleti zipoe, akarudisha nyaya mahali pake, kisha akaisugua ile ncha kwa msasa laini. Likabanduka gamba jeusi.

"Nani kamwaga uji hapa?"

Nilimtazama mwanangu. Mwanangu akanitazama mimi. Mke wangu hakuhitaji kumtazama mtu.

Pleti ikawaka, nikaachia, haikuzimika. Nikaachia tena na tena kwa raha zangu, hadi fundi akauliza kama hela yake iko tayari. Ile themokapo fupi ninayo bado. Mzee wa ghorofa ya pili anaitaka, anasema ina kazi kwenye antena.