Safu ya Ushauri: Wageni Watano, Siku Tatu na Magoti ya Bibi

Ugeni wa siku tatu mjini Kampala huharibika alasiri ya siku ya kwanza. Basi la usiku limeingia asubuhi, wageni wameoga, wamekunywa chai, na mwenyeji, ambaye hajalala pia, anatangaza kwamba sasa watakwenda kuona mji. Kufikia saa kumi watu sita wamekwama katika foleni, mtoto analia, na kila mmoja anamkasirikia mwenziwe kwa adabu.

Mfano uliopo mezani umeletwa na msomaji wa Ntinda. “Bibi yangu wa Mombasa ana miaka 72,” anaandika, “na magoti hayapandi ngazi. Anakuja na mjomba, mkazamjomba, kijana wao wa miaka 15 na binti wa miaka 6. Nina shilingi 450,000. Kila mmoja ameshanitumia orodha ya anavyotaka kuona, isipokuwa Bibi, ambaye amesema yeye popote tu. Nifanyeje?”

Orodha zote nne huwekwa kando kwanza. Anayesema popote tu ndiye anayepangiwa safari, kwa kuwa ndiye atakayewarudisha wote nyumbani. Kwa Bibi huyu mambo ya kujua ni mawili: magoti, na dawa ya presha ambayo humpeleka msalani mara kwa mara saa chache baada ya kuimeza. Dawa haiguswi; ratiba ndiyo inayosogezwa. Akimeza saa kumi na mbili alfajiri, gari huondoka saa tatu, na njia huchaguliwa isiyo na foleni ya kukaa saa nzima bila choo.

Siku ya kwanza, basi, ni ya kulala. Watu wa pwani hushangazwa na baridi ya usiku ya mji ulio mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na blanketi la ziada kwa mtoto lina faida kuliko ziara yoyote. Saa tisa alasiri, si kabla, watu huenda mahali pamoja palipo karibu. Kutoka Ntinda, hekalu la Wabahai pale Kikaaya linafaa sana: lilifunguliwa mwaka 1961, bustani yake ina nyasi pana, kuingia ni bure, na gari hufika hadi juu ya kilima. Binti hukimbia, Bibi huketi kivulini, mjomba huutazama mji kwa mbali na kuuliza bei ya viwanja. Saa kumi na moja wanarudi.

Hapo ndipo lugha huleta kizaazaa chake. Mombasa, taksi ni gari dogo la kukodi; Kampala, taksi ni ile matatu ya abiria 14, nyeupe yenye mstari wa buluu. Mgeni akiambiwa “kesho tutapanda taksi” huvaa viatu vizuri, kisha hujikuta amebanwa katikati ya mama mwenye kuku na kijana mwenye godoro. Mwenyeji hueleza jambo hili usiku wa kwanza, wakati wa chakula, ili kicheko kitokee mezani badala ya kituoni.

Siku ya pili ndiyo yenye nguvu, na humo huwekwa safari kubwa, moja tu. Kwa familia yenye mtoto wa miaka 6 na bibi wa miaka 72 jibu ni Entebbe, kilomita 40 hivi kutoka mjini. Watu wengi hukosea kwa kukata katikati ya Kampala kuelekea huko. Kutoka Ntinda kuna barabara ya mchepuko wa kaskazini, ambayo huzunguka mji hadi Busega, na hapo ndipo ianzapo barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2018. Ada yake ni ndogo kuliko gharama ya Bibi kuomba choo katika foleni ya Kibuye.

Gari huwa la safu tatu za viti, kwa sababu wageni watano na mwenyeji ni sita, na gari dogo la kawaida huchukua abiria wanne. Msomaji amepatana na dereva shilingi 160,000 pamoja na mafuta, na patano hilo hurudiwa mbele ya dereva asubuhi, likitajwa saa ya kurudi. Dereva asiyeambiwa saa ya kurudi ana yake moyoni. Bustani ya wanyama huwa kwanza, maana simba na sokwe hupendeza kabla mtoto hajachoka. Vitambulisho hubebwa, kwani raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiasi kidogo kuliko wageni wa ng’ambo, na mjomba aliyevuka mpaka kwa kitambulisho ndiye huyo huyo anayekiacha ndani ya sanduku. Kisha huja Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1898, yenye miti mikubwa inayoshuka hadi ziwani. Hapo chapati na mayai ya kuchemsha kutoka nyumbani hufunguliwa juu ya mkeka. Bibi huletewa kiti cha plastiki, maana kuketi mkekani ni rahisi, kuinuka ndiko kuna kazi.

Dalili za kuzidisha zinajulikana. Mtoto huacha kuuliza maswali. Bibi husema, “Endeleeni tu, mimi sijambo.” Neno hilo likisikika, safari imekwisha hata kama ufuo haujaonekana. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, mvua nayo hukata shauri bila kuuliza mtu.

Siku ya tatu familia hugawanywa, jambo ambalo wenyeji wengi huliona utovu wa adabu. Mjomba na kijana huenda Old Kampala, kwenye msikiti mkuu uliofunguliwa mwaka 2008, ambako kijana atapanda mnara kwa ngazi zaidi ya 300 na kuviona vilima vyote kwa mpigo mmoja: Namirembe, Rubaga, Mengo, Kasubi. Siku hiyo ikiwa Ijumaa, huenda mapema, kabla ya watu kumiminika kuswali. Bibi, mkazamjomba na binti hubaki nyumbani.

Fedha za msomaji zinatosha. Gari la Entebbe ni 160,000; viingilio na ada ya barabara hutengewa 110,000; safari fupi ya siku ya kwanza 40,000; ya tatu 40,000; nyongeza ya chakula nyumbani 60,000. Zinazobaki, 40,000, hazitajwi mbele ya mjomba.

Msomaji wa Kireka, kwa upande wake, anauliza la kufanya wageni wakifika bila tiketi ya kurudi. Waswahili walishasema mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini Kampala jembe ni zito. Hupewa kisu na mkungu wa matoke. Hata kule Ntinda, asubuhi ya siku ya tatu Bibi aliyechoka kutembezwa huketi barazani, akapaka mafuta mikononi ili utomvu usimgande vidoleni, na ndizi ya kwanza humtoka imepungua nusu kwa kumenywa kinene mno. Jirani Mganda humwonyesha namna ya kupitisha kisu chini ya ganda tu. Kufikia ndizi ya kumi hawahitaji tena mkalimani, na matoke yanafungwa katika majani ya mgomba, tayari kwa mvuke wa saa mbili kabla mjomba hajarudi.