Dai Nauli Yako Bila Kumpigisha Mhasibu Ramli

Umerudi safari ya kikazi. Ulilipa kwa fedha zako na sasa unataka ofisi ikurudishie. Tafadhali usiingie idara ya fedha na kifurushi cha karatasi zilizosokotana na funguo, ukakimwaga mezani na kusema, "Dada, angalia mwenyewe, vyote vimo." Mhasibu si mganga. Yeye anasoma kilichoandikwa, na baada yake atakuja mkaguzi wa ndani kusoma hichohicho bila wewe kuwapo.

Anza na risiti zenyewe, siku ileile unapozipokea. Risiti ya mashine ya EFD haichapwi kwa wino. Karatasi yake inabadilika rangi kwa joto, ndiyo maana ukiiacha kwenye dashibodi ya gari kutoka Dodoma hadi Chalinze, utafika na kipande cheupe ambacho hata TRA hawawezi kukisoma. Wapo pia wanaoipeleka stesheneri ikafanyiwe laminesheni ili idumu. Mashine ya moto inaipitia, risiti inatoka nyeusi tii, imehifadhiwa vizuri sana na haina herufi hata moja. Wewe itoe kivuli mapema, kisha ubane kivuli na risiti halisi pamoja.

Tuseme ulitoka Dar es Salaam kwenda Dodoma ukalala siku mbili. Basi kwenda na kurudi ni 70,000, nyumba ya wageni 120,000, bodaboda mara nne 12,000, na kudurufu makabrasha ya mkutano 18,000. Jumla 220,000. Panga kwa tarehe, kila gharama mstari wake, na kila mstari uwe na namba inayofanana na ile uliyoandika kwenye risiti yake. Mstari wa pili, risiti namba mbili. Ukiandika "usafiri na mengineyo 82,000", fomu itarudi kwako, na "mengineyo" ndiyo yatakayoirudisha. Kama ulishapewa posho ya kujikimu, 120,000 ya malazi iondoe kabisa, kwa kuwa posho hiyo ndiyo iliyolipia kitanda. Kudai tena ni kulala mara mbili usiku mmoja.

Sasa tufike penye kilio. Risiti ya kudurufu haionekani. Kabla ya kuandika maelezo yoyote, mpigie mwenye stesheneri. Kama ana EFD, muamala umebaki kwenye kumbukumbu za mashine, na ukimpa tarehe, saa na kiasi anaweza kukutafutia nakala. Ikishindikana, tafuta ushahidi wa malipo. Kama ulilipa kwa simu, chukua taarifa ya miamala yenye namba ya muamala, jina la aliyepokea na saa. Lakini taarifa hiyo inaonyesha tu kwamba fedha zilitoka. Haisemi ulinunua nini, hivyo ambatisha kabrasha moja lililodurufiwa na orodha ya mahudhurio inayoonyesha mlikuwa wangapi.

Kisha andika maelezo mafupi, mfano: "Tarehe 14 nililipa 18,000 kudurufu makabrasha 30 ya mkutano. Risiti ilipotea njiani. Nimeomba nakala kwa muuzaji, hakuipata. Naambatisha taarifa ya malipo kwa simu, kabrasha na mahudhurio." Weka sahihi, mkuu wako wa idara naye asaini kabla fomu haijafika fedha. Habari za mvua, foleni ya Kibaha na homa ya mtoto ziache. Hakuna mstari wa kuziingiza.

Bodaboda ni suala jingine, kwani risiti haikuwahi kuwapo. Usiseme imepotea. Jaza jedwali la tarehe, ulikotoka, ulikokwenda, sababu na kiasi, kisha usaini. Ofisi nyingi zina fomu ya namna hiyo yenye kikomo chake cha fedha. Uliza kikomo hicho kabla ya kupanda.

Na yule rafiki anayekushauri ununue kitabu cha risiti, ujaze mwenyewe na ugonge muhuri, mkimbie. Mkaguzi anazitambua risiti hizo haraka: basi, hoteli na stesheneri wana mwandiko mmoja, kalamu moja, na namba zinafuatana 041, 042, 043. Risiti iliyopotea inaweza kukukosesha 18,000. Ya kughushi inakupeleka kwenye kamati ya nidhamu, nayo inatia shaka hata zile nyingine ulizokuwa nazo kihalali.

Hata ukifanya yote haya, sera ya ofisi yako inaweza kukataa 18,000 zile. Omba mstari huo utenganishwe ili 202,000 zilizobaki zilipwe bila kusubiri, na upeleke fomu kabla hesabu za mwezi hazijafungwa.