Fundi, Nibadilishie Betri

Mgonjwa akifika kwa daktari hueleza anapoumwa, kisha husubiri aulizwe maswali. Mteja wangu hapa Kariakoo hana muda huo. Anafika na tiba yake mkononi: "Fundi, nibadilishie betri, hii inakula chaji." Sijauliza simu ina umri gani, sijauliza inashinda wapi, na bei ameshanipangia, tena ile ya mwaka juzi. Nikisema tuichunguze kwanza, ananiangalia kama mtu anayetaka kumwongezea gharama. Ajabu ni kwamba mimi ndiye ninayekataa kuuza betri, na bado ninaonekana tapeli.

Chukua mama mmoja anayeuza vitenge. Alikuja amenuna, kwa sababu simu ilikuwa na betri ya pili ndani ya muda mfupi na chaji bado haikai. Betri yenyewe imeandikwa mAh 5,000. Asubuhi akifungua duka iko asilimia 85, saa nane mchana iko 60, naye anaapa hajaigusa. "Fundi, hizi betri zenu za siku hizi ni makopo matupu."

Nikamwambia maneno ninayomwambia kila mtu: "Mama yangu, kabla hatujailaumu betri, leo usiku ukienda kulala washa hali ya ndegeni. Andika asilimia unayoiona. Usiichaji. Asubuhi angalia tena, kisha uniletee hizo namba mbili." Akauliza kama hiyo ndiyo kazi ya ufundi. Nikamwambia ndiyo.

Kesho yake akaja na namba zake: usiku 96, asubuhi 94. Asilimia mbili za mAh 5,000 ni mAh 100 kwa usiku mzima. Betri iliyochoka haikai hivyo, na bodi yenye mkondo unaovuja haikai hivyo. Kama ingeshuka asilimia kumi na tano au ishirini huku mtandao umezimwa, hapo ningefungua mfuniko, nikaiunganisha na pawa saplai simu ikiwa imezimwa, nikaangalia mita. Simu iliyozimwa inatakiwa isome sifuri. Ikisoma kingine, kuna kitu kwenye bodi kinakunywa umeme gizani, na betri mpya ingekuwa ya kukilisha tu. Ya mama haikuhitaji hata skrubu moja kulegezwa.

"Duka lako liko wapi?" Liko chini ya ardhi, kwenye jengo ambalo hata redio inakoroma. Na simu ina laini mbili. Basi nikamweleza: "Simu yako inaongea na mnara hata usipopiga. Ukiwa karibu na mnara inanong'ona. Ukiwa mbali, au chini ya zege, inapaza sauti, na nguvu inayotumia kurusha mawimbi inaweza kupanda zaidi ya mara mia. Ikikosa mnara kabisa haikati tamaa, inatafuta, inapumzika kidogo, inatafuta tena. Wewe una laini mbili, kwa hiyo wanaotafuta ni wawili."

Tukafungua Mipangilio, tukaingia Betri. Mtandao wa simu ulikuwa juu ya kila kitu, hata juu ya WhatsApp, ambayo kwa watu wengi ndiyo mshitakiwa wa kwanza. Laini ya kwanza ndiyo ya biashara, wateja wanalipia humo. Ya pili haikuwa na hata mstari mmoja wa mtandao pale dukani. Nikauliza ni ya nini. Ni ya shemeji yake, ambaye hupiga kukiwa na harusi. Kwa ajili ya michango ya harusi, simu ilikuwa inahangaika kutwa nzima!

Tiba ikawa hiyo: laini ya shemeji inazimwa kwenye mipangilio ya laini akishuka dukani, inawashwa akitoka. Simu inahama kutoka kwenye droo ya chini nyuma ya mabunda ya vitenge, inakaa juu ya meza upande wa ngazi, ambako mtandao unafika. Wenye simu ya 5G mahali ambapo 5G inakuja na kuondoka, nawaambia waibakize kwenye 4G, maana kuhamahama nako kuna gharama. Saa nane mchana siku iliyofuata mama alikuwa na 76.

Dereva wa bajaji ni kesi nyingine, na huyu simhurumii. Simu ameifunga mbele ya kioo, jua la Februari linaipiga, mwanga wa skrini uko mwisho ili aone ramani, GPS inasoma setilaiti kujua alipo, data iko wazi, na yote hayo yakiendelea ameichomeka kwenye chaja ya kasi. Anakuja kulalamika chaji inaingia polepole. Kaka, simu yenyewe imepunguza chaji ili isiungue! Betri za lithiamu hazipendi joto linalozidi nyuzi 35, na zikichajiwa kwenye joto hilo zinazeeka upesi, uzee usiorudi. Kwa hiyo namwambia: ishushe itoke juani, toa kava nene unapochaji, na kama njia unaijua, zima ramani. Mbagala ulikozaliwa huhitaji setilaiti kukuonyesha. Mwanga wa skrini uache ujirekebishe wenyewe, na skrini izime baada ya sekunde thelathini, si dakika kumi. Mandhari nyeusi inasaidia kwenye skrini za OLED pekee. Kwenye skrini za kawaida taa ya nyuma inawaka vilevile, umebaki na giza tu.

Halafu kuna wale wa kufuta programu zote kila dakika tano, vidole vinapangusa kama wanafukuza nzi. Programu uliyoifunga ukiifungua tena inaanza upya kabisa, na kuanza upya kunakula zaidi ya kuiacha imelala. Kuhusu wanaoweka betri kwenye friji sisemi kitu, nina shinikizo la damu.

Sasa, zipo betri zilizokufa kweli, na hapo nabadilisha bila hotuba. Nyingi hubaki na asilimia 80 hivi ya uwezo wake baada ya kama mizunguko 500 ya chaji. Mtu anayemaliza betri nzima kila siku anafika hapo kabla ya miaka miwili. Dalili ni wazi: unafungua kamera simu inazima ikiwa na 30, ukiichomeka inawaka na kusema ina 28. Au asilimia zinaruka kutoka 40 hadi 12 bila kupita katikati. Au mfuniko wa nyuma umeanza kuinuka. Huyo wa mfuniko asichaji tena, asibonyeze, asitoboe, alete leo hii. Na akinunua betri asidanganywe na maandishi. Betri yenye umbo na uzito uleule wa ile ya 5,000, iliyoandikwa 8,000, imeongezewa wino tu.

Yote hayo nayasema nimesimama, feni ya dirishani ikinipulizia vumbi. Mama wa vitenge alipopita kunipa habari za ile 76 nikafurahi, nikamtajia hela ya ushauri, elfu tano tu.

"Elfu tano ya nini, mwanangu? Mbona hujafungua hata skrubu?"

Akanunua protekta ya elfu mbili, akaomba nimbandikie bure.