Mwaka Umekuwa Mwalimu, Lakini Alifundisha Nini? Mwongozo wa Kapsheni ya Desemba 31

Krismasi ikishapita, pilau ikibaki ya kupasha moto, taifa zima huanza kutunga. Aliyefukuzwa kazi anatunga, aliyeoa anatunga, aliyeoa kisha akaachwa anatunga mara mbili. Ajabu ni kwamba wote hufika kwenye sentensi zilezile: "Haikuwa rahisi, ila Mungu fundi." "Mwaka umenifunza mengi." Mengi yapi? Hapo mwandishi hunyamaza, akaweka emoji ya mikono iliyokunjuliwa.

Mwongozo huu ni wa wachache wanaotaka kujaribu jambo la hatari: kolaji yenye miezi mizuri na migumu, na kapsheni inayosema kilichotokea. Mfano wetu ni fundi cherehani wa kubuni, mwenye kibanda chake Mbagala. Hatumpi jina, kwa sababu anadaiwa.

Hatua ya kwanza: Usiiamini galari

Njia ya kawaida ni kufungua galari ya simu, kuchagua picha tisa ulizopendeza na kuziita mwaka. Fundi wetu alifanya hivyo, akapata Septemba nne, Desemba nne na moja ya Januari. Ukiitazama kolaji hiyo utadhani kati ya Februari na Agosti alikuwa amesafiri nje ya nchi.

Sababu inaeleweka. Mtu hajipigi selfi akiwa anakokotoa marejesho. Miezi migumu ina picha chache, na hizo chache hazina sura yake. Lakini haimaanishi kwamba haikuacha ushahidi. Nenda kwenye folda ya picha za skrini, ile usiyomwonyesha mchumba. Humo ndimo mwaka wako ulimo: ujumbe wa muamala, tarakimu 20 za tokeni ya LUKU iliyonunuliwa kwa elfu mbili, picha ya kitambulisho cha mdhamini, na namba ya foleni ya hospitali uliyopiga ili isipotee.

Aprili ya fundi wetu ilikuwa na picha nne, zote za maji ya masika yakiwa ndani ya kibanda, alizopiga ili amwonyeshe mwenye nyumba. Mei ilikuwa na jumbe tatu za miamala. Hakuna aliyepiga picha hizo kwa ajili ya kupendwa, na ndiyo maana zinaaminika.

Tahadhari moja ya kiufundi. Picha uliyotumiwa kwa WhatsApp kwenye simu ya Android huhifadhiwa kwa jina kama `IMG-20250614-WA0003.jpg`. Tarehe hiyo ni ya siku ulipoipokea, na taarifa za siku ilipopigwa huwa zimeondolewa njiani. Kwa hiyo harusi ya Februari ambayo shangazi alikumbuka kukutumia Juni itakaa Juni, katikati ya mwezi uliokuwa ukilala njaa, na wewe mwenyewe utaanza kujiuliza kama ulilala njaa kweli. Kabla ya kuipanga picha chini ya mwezi fulani, muulize aliyeipiga.

Hatua ya pili: Picha tisa, si ukoo mzima

Kolaji ya mraba yenye upana wa pikseli 1,080, ikigawanywa safu tatu kwa tatu, humpa kila mgeni pikseli 360. Kwenye kioo cha simu hiyo ni sentimita mbili na kidogo, karibu sawa na kucha ya dole gumba. Ndani ya kucha hiyo watu hujaza picha ya kikoba kizima, wanachama ishirini na watano na bango la mgeni rasmi, kisha wanauliza kwa nini hakuna aliyewaona.

Kanuni ni kitu kimoja kwa kila kisanduku. Sura moja, cherehani moja, karatasi moja. Ujumbe wa muamala hausomeki ukiwa mzima, basi ukate ubaki mstari wa kiasi na tarehe. Huku ukikata, ondoa namba za simu, majina na salio. Salio hasa. Lipo la kutia huruma na lipo la kuleta ndugu, na yote mawili hayafai kuonekana Desemba.

Kama picha tisa hazitoshi, Instagram inaruhusu tangu 2024 hadi picha 20 katika posti moja, za kutelezesha kidole. Hapo utakutana na werevu wa zama hizi: kuweka Aprili kwenye picha ya kumi na saba. Kisheria umeisema. Kiuhalisia, waliofika huko ni mama yako na mtu anayekudai.

Hatua ya tatu: Herufi 125

Kapsheni ya Instagram inapokea herufi 2,200, na wapo wanaodhani ni lazima wazimalize. Wasichokumbuka ni kwamba msomaji anayepitisha kidole huona takriban 125 za mwanzo tu. Zilizobaki hujificha mpaka abonyeze. Sasa angalia mwanzo uliozoeleka: "Ninapotazama nyuma katika mwaka huu ninapata kila sababu ya kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa mema yote na magumu yote." Nafasi karibu imekwisha na hatujui hata kama ni mtu wa bara au pwani.

Ukitaka kuwa mkweli, mwezi mgumu uingie ndani ya hizo 125, na uje na jina lake. Fundi wetu alianza na "Nimepitia mengi", akafuta. Akaandika "Aprili ilikuwa ngumu", akafuta pia, maana hata mwezi wa mwajiri wake wa zamani ulikuwa mgumu. Mwishowe akaandika hivi:

"Aprili maji yaliingia kibandani yakaharibu vitambaa vya wateja saba. Watano nimewalipa, wawili bado wananidai."

Herufi 110. Kuna mwezi, kuna maji, kuna hasara ya watu na kuna hesabu isiyofungwa. Sentensi ya namna hii ina kipimo chepesi cha kujua kama imekamilika: mpe mtu mwingine aisome kama yake. "Haikuwa rahisi" kila mtu ataivaa na itamtosha. Ya vitambaa saba itamkataa kila mtu isipokuwa mwenyewe.

Hatua ya nne: Furaha nayo ipewe risiti

Wapo waliojifunza ukweli wakapitiliza, wakaandika kapsheni ya msiba kwa mwaka uliokuwa na harusi mbili. Mwezi mzuri una haki yake, na nao unadai jina. Fundi wetu alitaka kuandika "Nimepiga hatua". Hatua kwenda wapi? Alipopekua daftari la oda akagundua jambo ambalo kolaji yake ya kwanza ililificha: mwezi wake mmoja mzuri ulikuwa Januari. Wakati mtaa mzima unalia ada, yeye alikuwa anashona sare za shule za watoto walewale. Lakini kwa kuwa kila mtu huandika kwamba Januari ni ngumu, naye alikuwa amejiandaa kuilalamikia.

Mwezi mzuri mwingine hauna picha hata moja yenye tabasamu. Mei alichukua mkopo wa kausha damu: alipewa laki tatu, akarejesha elfu thelathini kila Jumatatu kwa wiki 13, jumla laki tatu na tisini elfu. Rejesho la mwisho liliangukia kwenye wiki ya Nanenane. Picha pekee ya siku hiyo ni ya skrini, yenye ujumbe wa muamala. Aliiweka katikati kabisa ya kolaji, mahali ambapo wengine huweka keki.

Hatua ya tano: Yasiyo yako usiyaandike

Ukweli una mipaka, na mpaka wake ni mwenye habari. Juni na Julai mama yake fundi alikuwa amelazwa. Kulikuwa na picha: mkono wenye dripu, shuka la wodini, namba ya kitanda. Picha za aina hii hupata "pole sana" nyingi kuliko zote, na kila mwaka kuna mzazi anayejikuta na dripu yake mbele ya watu mia sita ambao hakuwaaga wala kuwaalika.

Ugonjwa ni wa mama. Talaka ni ya watu wawili. Deni alilokopa kaka kwa jina lako ni lako nusu tu, bahati mbaya. Mwezi wa namna hiyo haufichwi wala haufunuliwi. Unatajwa na kufungwa mlango. Kwenye kolaji, kisanduku chake kinaweza kubaki na rangi tupu.

Kapsheni nzima ikawa hivi:

"Aprili maji yaliingia kibandani yakaharibu vitambaa vya wateja saba. Watano nimewalipa, wawili bado wananidai. Mei nilikopa kausha damu. Wiki ya Nanenane nikamaliza, nikalala saa mbili usiku. Juni na Julai ni za familia, zitabaki nyumbani. Januari sare za shule zilinipa kazi hadi usiku wa manane. Septemba nilishona magauni ya harusi kumi na manane, mawili yakarudi kupanuliwa, na wenyewe wanasema kosa ni langu. Novemba nimenunua ovaloki iliyotumika. Jirani uliyenipa kamba ya kuanikia vitambaa vya watu: gauni la sikukuu la mwanao lipo tayari, uje na shilingi sifuri."

Hatua ya sita: Kubonyeza

Posti kabla ya saa kumi na mbili jioni. Baadaye watu wako kwenye mkesha au kwenye nyama choma, na ikifika saa sita usiku kapsheni yako itafukiwa na picha za fataki zilizotumwa na watu wasiokuwa na fataki.

Ukiiweka kwenye stetasi ya WhatsApp, itadumu saa 24 tu, na utapewa nafasi ya kuchagua wasioruhusiwa kuiona. Kishawishi ni kikubwa. Fundi wetu alikuwa ameshawawekea alama wale wateja wawili wanaomdai, yaani aandike kwamba anadaiwa, kisha awafiche wanaomdai. Akakumbuka kwamba mmoja wao ni binamu ya jirani wa kamba, na kwamba picha ya skrini huvuka barabara haraka kuliko bodaboda. Akawatoa kwenye orodha.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza, weka akiba ya vitu viwili. Cha kwanza ni jibu fupi kwa ndugu atakayeandika, "Kumbe ulikuwa na shida, mbona hukusema?" ilhali simu yake Aprili haikuwa inapokelewa. Mjibu, "Asante, heri ya mwaka mpya," usiongeze neno. Cha pili ni kiasi chochote cha kuwatumia wale wawili usiku huohuo, hata kama ni robo ya deni, maana baada ya kusoma kapsheni hawatakomenti. Watapiga.